Gitaa la umeme si lazima lisumbue majirani

"Anayeanza asiguse gitaa la umeme. Lina kelele, na lazima ununue amplifaya kubwa."

Ukitumiwa ujumbe huu kwenye grupu, usiusambaze. Magitaa mengi ya umeme hayana tumbo la kukuza sauti. Yasipochomekwa husikika kidogo tu. Gitaa kavu, lile la tumbo lisilotumia umeme, ndilo gumu kulipunguza sauti, na kwenye fleti jirani atalisikia ukutani. Jaribu dukani: piga yote mawili bila waya, mwenzio akisikiliza nje ya mlango.

Wengi wameliona la umeme harusini tu, limeungwa na maspika. Nyumbani yatosha amplifaya ndogo yenye tundu la hedifoni. Hiyo ni gharama ya ziada, kweli. Bajeti ikibana, chukua kavu. Ila usichomeke hedifoni kwenye gitaa lenyewe: utasikia mnong'ono, udhani limeharibika.