Mwezi wa Pasaka hautazamwi angani

Mimi ndiye ninayeandaa kalenda ya parokia, na kila Kwaresima simu ni ile ile: mtu ameuona mwezi mpevu, amehesabu Jumapili, sasa anadai nimekosea Pasaka. Kanuni anaijua: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baadaye. Asichojua ni kwamba mwezi huo ni wa kwenye jedwali.

Chukua mwaka 2019, ulionichosha kuliko yote. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, usiku na mchana vililingana tarehe 21 Machi, karibu saa saba usiku. Mwezi ukawa mpevu alfajiri ile ile, kabla ya saa kumi na moja. Kwa kufuata anga, Pasaka ingekuwa 24 Machi. Tuliiadhimisha 21 Aprili, na hakuna aliyekosea.

Hesabu yenyewe ni hii. Gawa 2019 kwa 19, kinabaki 5. Ongeza 1, unapata 6, ndiyo namba ya dhahabu ya mwaka huo. Jedwali linalotumika kuanzia 1900 hadi 2199 linaipa namba 6 tarehe 18 Aprili, iliyokuwa Alhamisi, kwa hiyo Pasaka ikawa Jumapili iliyofuata. Kwa jedwali hilo mwezi wa Machi ulikuwa umeshatimia tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka, ikabidi kungoja unaofuata. Na mpaka ni 21 Machi daima, hata usiku na mchana vikilingana mapema zaidi.

Wanauliza kwa nini tusitazame tu juu. Kwa sababu mwezi hutimia kwa dakika moja duniani kote, na dakika hiyo yaweza kuwa Jumamosi kwa wengine na Jumapili kwetu. Jedwali halina saa wala mawingu. Linategemea kwamba kila baada ya miaka 19 mwezi hurudi karibu tarehe zile zile. Kasoro iliyojikusanya kwa karne nyingi ilirekebishwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582.

Papa hapangi tarehe kila mwaka. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulitaka wote waadhimishe siku moja. Kazi iliyobaki ni ya hesabu.

Waorthodoksi nao hawajachelewa. Wengi wao huhesabu kwa kalenda ya Juliasi, ambayo 21 Machi yake ni 3 Aprili yetu, na jedwali lao ni la zamani. Mwaka 2025 tulikutana 20 Aprili. 2026 sisi ni tarehe 5, wao 12.

Na mwezi wa jedwali ukiangukia Jumapili, Pasaka husogezwa wiki moja. Ndivyo ilivyokuwa 2025: mwezi 13 Aprili, Pasaka 20.

Wachumba, tafadhali, tazameni jedwali kabla ya kulipia ukumbi. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, kwa hiyo Jumatano ya Majivu ni 10 Februari.