Nyama inateleza, samaki ananuka, na vyote vilikuwa kwenye friji: maswali na majibu

Nyama nimeiweka kwenye friji tangu juzi. Ute umetoka wapi?

Friji haiui bakteria, inawachelewesha tu, na wako wasiochelewa sana. Kundi linaloitwa sudomonasi huishi kwenye maji, udongo, ngozi ya mnyama, gogo la bucha na kisu kisichooshwa vizuri. Baridi ya nyuzi 4 ambayo huwapunguza kasi wenzao wengi haiwazuii hawa. Huendelea kuzaliana hata karibu na sifuri. Wanataka hewa na unyevu, kwa hiyo hukaa juu ya nyama. Ndiyo maana ukikata pande linaloteleza, ndani unaweza kukuta nyama nyekundu inayoonekana nzuri kabisa. Ute wenyewe ni bakteria hao kwa mamilioni, pamoja na utando wa kunata wanaoutoa.

Jana haikuwa na harufu yoyote. Imeharibikaje kwa siku moja?

Haikuharibika kwa siku moja. Mwanzoni sudomonasi hula sukari kidogo iliyopo juu ya nyama, na wakila sukari hawatoi harufu ya kukushtua. Sukari ikiisha wanageukia protini, na hapo ndipo harufu hutoka ghafla. Mara nyingi huanza kama utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi, kisha inakuja ya kabichi iliyooza, mwisho amonia.

Tuchukue kilo mbili za steki zilizonunuliwa Jumamosi saa nne asubuhi, zikiwa na bakteria kama 10,000 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwa nyama ya bucha hiyo si idadi ya kushangaza. Nyama inatupwa kwenye friji ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na friji hiyo hufunguliwa kila dakika na umeme hukatika, hivyo ndani ni nyuzi 10. Kwenye joto hilo sudomonasi huongezeka maradufu kila baada ya saa 2 na dakika 50 hivi. Kwa makadirio, Jumapili saa nane mchana wamefika milioni 10, na harufu inaanza. Kabla ya usiku wa manane wako milioni 100, na nyama inateleza. Nyama hiyohiyo ikikaa kwenye nyuzi 2 ingechukua hadi Jumanne mchana ndipo ianze kunuka. Kwa hiyo kusema "ilikuwa kwenye friji" hakutoshi. Friji yako ina nyuzi ngapi? Kipimajoto cha friji si ghali, nunua kimoja.

Nikiuosha ute kwa limau na chumvi, halafu nikaikaanga sana, si inafaa?

Hapana. Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana kwa nyama ya ng'ombe, ya mbuzi, kuku na samaki.

Limau linaondoa harufu, haliondoi uharibifu. Amonia na harufu kali ya samaki ni kemikali zinazopaa hewani. Asidi ya limau au siki huzigeuza kuwa chumvi zisizopaa, kwa hiyo pua haizipati tena. Umeizima kengele, moto unaendelea. Ukiosha ukafanikiwa kuondoa bakteria tisa kati ya kila kumi, waliobaki wanahitaji kuongezeka maradufu mara tatu na kidogo tu kurudi walipokuwa. Kwenye friji ya nyuzi 10 huo ni usiku mmoja. Wale waliotoka nao wameruka kwenye sinki, kwenye kachumbari na kwenye mikono yako.

Na tafadhali usiipeleke kusagwa wala kuilowesha viungo vya mishkaki "ili isipotee". Mashine ya kusaga huchukua uchafu uliokuwa juu na kuusambaza ndani yote.

Lakini tumekula hivyo miaka yote na hatujaugua.

Ni kweli kwamba sudomonasi wa nyama kwa kawaida hawamuumizi mtu mwenye afya, na moto wa jikoni huwaua. Hatari iko kwa walioandamana nao. Ute unakwambia kwamba nyama imekaa muda mrefu mno, au mahali penye joto mno, au vyote viwili. Nyama iliyokaa kwenye joto huweza kubeba stafilokoki, na hao huacha sumu ambayo haiharibiki hata ukichemsha. Unaua bakteria, sumu inabaki kwenye mchuzi.

Kwa hiyo, tena: ikiteleza au ikinuka, haioshwi, haikaangwi, hapewi mbwa. Inatupwa. Tunajua bei ya kilo moja ya nyama, na bado tunasema itupwe.

Kinyume chake pia si salama: nyama isiyonuka inaweza kuwa na salmonela, ambao hawatoi harufu. Ipike iive hadi ndani.

Samaki ana ute hata akitoka majini. Nitamjuaje aliyeharibika?

Tazama rangi ya ule ute. Wa samaki mbichi ni mwepesi na unaona kupitia ndani yake. Wa samaki anayeharibika ni mzito, wa maziwa au wa manjano, na hushikana mabonge. Kisha fungua mashavu na unuse hapo, kwa sababu harufu huanzia kwenye matamvua na tumboni kabla ya kufika kwenye mnofu. Matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Muuzaji akikataa usifungue mashavu, ondoka.

Sangara na sato waliohifadhiwa kwenye barafu huharibiwa hasa na sudomonasi hawa hawa, kwa hiyo barafu haikuondolei kazi ya kunusa. Barafu iwe kilo moja kwa kilo moja ya samaki, na maji yanayoyeyuka yatoke. Samaki anayeelea kwenye maji machafu ya barafu ya jana analoweshwa bakteria.

Nifanyeje nikishanunua?

Nenda na nyama nyumbani moja kwa moja, usizunguke nayo sokoni kwa muda wa saa tatu. Ikaushe kwa karatasi safi, kata vipande visivyozidi unene wa sentimita 5 ili baridi iingie haraka, weka kwenye chombo chenye mfuniko sehemu ya chini ya friji, nyuzi 4 au chini ya hapo. Pika ndani ya siku mbili. Nyama ya kusaga na samaki, ndani ya siku moja.

Ya kugandisha igandishwe siku ile ile. Watu wengi husubiri hadi siku ya tatu, wakianza kuona mashaka, ndipo wanaikimbiza kwenye friza. Friza inawasimamisha bakteria kwa idadi waliyofikia. Ikiyeyuka wanaendelea pale pale.

Nimekula jodari, sasa uso unawaka, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio. Nisubiri kidogo?

Usisubiri, na usinywe maziwa "kuua sumu"; hayaiui. Hiyo huenda ni histamini, inayotengenezwa na bakteria wengine kwenye jodari, vibua na nguru waliokaa bila barafu ya kutosha. Samaki anaweza asinuke kabisa, na kupika hakuiondoi. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utasikia joto na mwasho. Nenda kituo cha afya, na ukibanwa na pumzi au ukivimba midomo nenda haraka zaidi.

Kwa kutapika na kuhara, anza ORS mara moja. Mtoto mdogo, mjamzito au mzee apelekwe siku hiyohiyo. Mtu yeyote mwenye damu kwenye choo, homa kali, au aliyekosa mkojo kwa saa nyingi apelekwe saa hiyo, si kesho asubuhi.