Kihispania: "Estará durmiendo" sio habari ya kesho

Wanafunzi wengi wa Kihispania wanakariri kwamba wakati ujao ni wa mambo yajayo, basi. Halafu wanauliza saa, wanajibiwa "Serán las tres", wanabaki wameduwaa: saa tisa ya lini? Ya sasa hivi! Anayejibu hana saa mkononi, anakisia tu. Angekuwa na uhakika angesema "Son las tres". Na sisi mbona tunafanya hivyohivyo kila siku, unampigia mtu simu hapokei unasema "atakuwa amelala", wala humaanishi kesho. Mhispania hapo anasema "Estará durmiendo".

Dhana ya pili ndo inasumbua zaidi: eti sería, estaría, tendría kazi yake ni "-nge-" tu. Hapana. Ukikisia jambo la zamani, Kihispania kinatumia umbo hilohilo, na hapa Kiswahili hakikusaidii maana "angekuwa amechoka" kwetu sio kukisia kabisa. Tuseme Ana hakuja kwenye sherehe jana usiku na mtu anauliza kwanini. Unaijua sababu? "Estaba cansada", alikuwa amechoka. Hujui, unabahatisha? "Estaría cansada", yaani nadhani alikuwa amechoka, labda. Sasa utajuaje sio "-nge-"? Tafuta sharti. Kwenye "Si trabajara de noche, estaría cansada" lipo, angekuwa anafanya kazi usiku angekuwa amechoka. Kwenye jibu la swali la Ana hakuna sharti lolote, kuna jana tu, kwahiyo ni kukisia.

Na kama sherehe ni ya leo, bado inaendelea na Ana hajatokea, unasema "Se habrá olvidado", atakuwa amesahau. Mpangilio wenyewe kumbe ni rahisi: está inakuwa estará, ha olvidado inakuwa habrá olvidado, estaba inakuwa estaría. Uhakika unarudi nyuma hatua moja, kitenzi kinabadilika.

Wengine wakishaelewa wanaanza kuweka umbo hili kwenye kila kitenzi, hapo napo panaharibika. Linakaa vizuri na vitenzi vya hali kama ser, estar, tener, saber: "Tendrá unos cuarenta años", ana kama miaka 40 hivi. Lakini ukiulizwa Juan yuko wapi ukajibu "Comerá", msikilizaji ataelewa atakula baadaye. Ukitaka kusema nadhani anakula sasa hivi, sema "Estará comiendo". Kwa tendo linaloendelea muda huu, estar na kitenzi kinachoishia na -ndo, kama comiendo, ndivyo vinakuokoa.

Halafu msiwaze kwamba lazima uongeze probablemente ndo ieleweke. Kitenzi chenyewe kimeshabeba ile "nadhani". Ila ukiwa umesimama mlangoni unamuona kabisa Ana kalala, "estará durmiendo" haifai tena, hapo ni "está durmiendo".