Sifa moja inapong'arisha nyingine: upendeleo fiche katika kupandisha vyeo

Upendeleo fiche ni ule unaoingia kwenye uamuzi bila mwamuzi mwenyewe kujua. Si sawa na kumpa mpwa wako cheo kwa makusudi. Hapa meneja anaamini kabisa kwamba ametenda haki, kwa hiyo kumkanya hakubadilishi kitu. Inabidi kubadili namna anavyojaza fomu.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama walio chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia. Alama hizo zilifuatana mno: aliyesifiwa umbo alisifiwa na akili pia. Hali hiyo akaiita “halo”, kwa jina la ile duara ya nuru inayochorwa juu ya kichwa cha mtakatifu.

Tuseme ghala linatafuta msimamizi wa zamu, na wanaoshindania ni Neema na Juma. Neema anazungumza vizuri sana mikutanoni. Fomu yake inarudi na 5 kwenye mawasiliano, 5 hesabu ya stoo, 5 kupanga zamu. Juma ana 3, 3, 3. Mstari ulionyooka hivyo ndio wa kutilia shaka, maana ni nadra mtu kuwa sawa katika kila kazi. Ukifungua daftari la stoo unakuta hesabu za Neema zimepishana mara mbili ndani ya miezi sita, na za Juma hazijapishana hata mara moja.

Dawa yake ni kusahihisha kama mwalimu makini: swali la kwanza kwa watahiniwa wote, ndipo la pili. Toa alama za hesabu ya stoo kwa Neema na Juma, kisha funika safu hiyo uende kwenye zamu. Pembeni ya kila alama andika tukio moja lenye tarehe. Ukikosa tukio, acha wazi. Na kila mjumbe akabidhi alama zake kabla ya kikao, kwa sababu bosi akishatamka jina, wengine hufuata.

Upendeleo wa kufanana hujificha kwenye maneno. “Huyu tunaiva naye.” “Ananikumbusha mimi nilipoanza kazi.” Pengine walisoma shule moja, au wote wanatoka kijiji kimoja. Maneno hayo yakisikika, mwenyekiti aulize: amefanya nini kinachohusu cheo hiki? Kisha aulize kama Juma angesifiwa vilevile kwa jambo hilohilo.

Mimi naogopa zaidi kitu ambacho fomu haikioni. Kama ni Neema peke yake aliyekuwa akitumwa kuwasilisha ripoti makao makuu, Juma atakosa tukio la kuandika hata akiwa hodari. Kwa hiyo, miezi kadhaa kabla ya usaili, tazama orodha ya waliopewa kazi hizo, na umpe Juma ripoti inayofuata.