pop() na pop(0) si kitu kimoja

"Si pop() na pop(0) zote zinatoa kitu kimoja tu kwa listi, so spidi si ni sawa?"

Hapana buda, haziko sawa. Listi ya Python inakaa kwa memori kama viti vimepangwa mstari mmoja, namba 0 mbele. Ukitoa wa mwisho na pop() hakuna mwingine anaguswa, ndiyo maana steki inafanya poa na append() na pop(). Lakini ukitoa wa mbele na pop(0), kila aliyebaki lazima asongeshwe kiti kimoja, vile watu husonga kwa foleni ya matatu hapa Kisumu mmoja akipanda.

Sasa chukua foleni ya 100,000 uimalize na pop(0): ya kwanza inasongesha 99,999, ya pili 99,998, ukijumlisha zote unafika karibu bilioni 5. Listi ya vitu 50 hutasikia kitu, ndiyo maana watu hawashtuki mapema, lakini ongeza data mara mbili na muda unaelekea mara nne, hapo ndio unajua.

Kwa foleni tumia deque badala ya listi, hivi:

```python
from collections import deque
f = deque()
f.append("Achieng")
f.popleft()
```

popleft() haisongeshi mtu. Ila kusoma katikati, kama f[50000], deque iko slo kuliko listi.