Barua kwa mama wa Igombe: binti ameacha samaki, sahani yake ijazwe na nini?

Shikamoo, mama. Mwangaluka, mayu.

Ulipokuja kituoni wiki iliyopita foleni ilikuwa ndefu, nami nilikujibu kwa haraka kuliko ulivyostahili. Niliahidi kukuandikia. Muuguzi wetu ameomba nakala aibandike ukutani, kwa hiyo nimeacha majina, ila mambo ni yale yale uliyonieleza: binti yako ana miaka 15, ana kilo 50, na tangu arudi kutoka makambi hali nyama wala samaki. Maziwa anakunywa. Mayai bado hajaamua. Na wewe kazi yako ni kuuza dagaa! Ulilisema hilo huku unacheka, lakini nilikuona una hofu, hasa kwa kuwa bibi yake anasisitiza kwamba mtoto atakonda na kichwa kitakuwa kizito darasani.

Nianze na kiasi anachohitaji. Kwa msichana wa miaka 15, makadirio yanayotumika ni gramu 0.85 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 50 hiyo ni kama gramu 43. Protini ya maharage na nafaka husagwa tumboni kwa shida kidogo kuliko ya samaki, kwa hiyo kwa asiyekula nyama tunaongeza kidogo. Njia rahisi ya kukumbuka ni gramu moja kwa kila kilo ya mwili. Binti yako basi anahitaji gramu 50. Usidhani gramu 50 za protini ni gramu 50 za chakula. Kikombe cha maharage yaliyoiva, kile cha chai, kina uzito wa gramu 170 hivi, lakini protini yake ni kama 14 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji na wanga.

Sasa tuhesabu siku yake kama ulivyonisimulia. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili: gramu 6. Mchana shuleni ugali wa sembe, ambao kwa sahani yake hutumia unga wa gramu 150 hivi, unampa 11, na upawa mmoja wa maharage unaongeza 6. Hapo tuna 23. Jioni nyumbani mnakula ugali wa muhogo na mchicha, na wengine wanaongeza sato. Unga wa muhogo wa gramu 150 unatoa protini gramu 3 tu, mchicha 3 nyingine. Jumla ya siku nzima ni 29. Pengo ni gramu 21.

Pengo hilo lina jina. Kipande cha sato alichokuwa anakula jioni, cha gramu 80 hivi kikishaiva, kilikuwa kinaleta gramu 20 na kitu. Kwa hiyo bibi ana haki ya kuhofu, ila kosa haliko kwenye kuacha samaki. Kosa ni kwamba samaki alitoka kwenye sahani na hakuna kilichoketi mahali pake. Huku kwetu ziwani jambo hili linauma kuliko sehemu nyingine kwa sababu ya udaga. Ugali wa muhogo ni mtamu na unashibisha, lakini katika protini ni karibu mtupu, na wazee wetu hawakuwahi kuula peke yake. Waliula na samaki. Ndugu zetu wa bara wanaokula ugali wa mahindi wakikosa kitoweo wana angalau ile protini ya mahindi. Binti yako jioni hana hata hiyo.

Nilichopendekeza ni kubadilisha mambo matatu, bila kumpikia chungu chake peke yake.

Kwanza, ugali wa jioni uchanganywe, nusu muhogo na nusu dona. Kutoka gramu 3 utafika 7 hivi, na baba hatalalamika kwa kuwa mchanganyiko huo wengi huku wanaujua tayari. Pili, kila jioni awe na kikombe kimoja kamili cha choroko, maharage, kunde au dengu. Hiyo ni 14. Tatu, abebe karanga za kukaanga shuleni, kiganja kimoja kilichojaa, kama gramu 30. Hiyo ni 7. Asubuhi akipata na kikombe cha maziwa, ongeza 8.

Hesabu ya siku mpya inakuwa hivi: asubuhi 14, karanga 7, mchana 17 kama zamani, jioni ugali 7, choroko 14, mchicha 3. Jumla ni 62. Siku maziwa yakikosekana inabaki 54, bado yuko juu ya 50. Namba hizi ni za kukadiria, na upawa wa shule moja si upawa wa shule nyingine, ndiyo maana napenda abaki na ziada kidogo.

Neno “kikombe kamili” nilisisitize, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinapoteleza. Mpe mtu maharage ya kulia ugali, atapata mchuzi mwingi wenye punje za kuhesabika. Mchuzi una ladha, protini iko kwenye punje. Kwa wiki ya kwanza pima kwa kikombe, umwage mchuzi, uone punje zinafika wapi kwenye bakuli lake. Baada ya hapo macho yatazoea. Kuhusu gharama, theluthi ya kikombe cha maharage makavu ikiiva inajaa kikombe kizima, kwa hiyo kilo moja ya maharage inampa mtu mmoja vikombe kama 15. Ni jioni za wiki mbili.

Uliniuliza pia kama ni kweli protini ya mimea “haijakamilika”. Kuna ukweli ndani yake, ila unatiwa chumvi. Protini imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na tisa kati yake mwili hauwezi kuvitengeneza wenyewe. Fikiria fundi mitumbwi mwenye mbao za kutosha lakini misumari michache: misumari ikiisha, mbao zinabaki zimelala ufukweni. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho laisini. Maharage na choroko vina laisini nyingi, ila vina upungufu wa methionini, ambayo mahindi na mchele vinayo. Ukila vyote viwili, kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Ndiyo maana makande ni chakula cha akili kuliko anavyodhani mtu anayeyadharau. Wala si lazima vikutane sahani moja. Akila ugali mchana na choroko jioni, mwili unajua kuvikutanisha.

Nikuonye kuhusu uyoga. Watu wakisikia mtoto hali nyama humpa uyoga kwa sababu unatafunika kama nyama. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu 3 tu. Apewe kwa utamu, usiuhesabu. Hali kadhalika kisamvu: mtu akisema kisamvu kina nguvu, mara nyingi nguvu hiyo imetoka kwenye karanga zilizosagwa humo ndani. Ukikipika, zisionewe huruma.

Kwenye mapishi, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo kabla ya kupunguza mkaa. Maharage yasiyoiva vizuri, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha, na mtoto akitapika mara moja atayakataa mwezi mzima. Magadi yanaharakisha kuiva lakini yanaharibu vitamini B1, kwa hiyo ukiloweka hutayahitaji. Choroko haihitaji shughuli yote hiyo, inaiva upesi, na ndiyo maana naipendekeza kwa jioni unapotoka mwaloni umechoka. Karanga zichague mwenyewe: iliyosinyaa, yenye ukungu au inayochachusha ulimi itupwe. Usiikaange kwa kudhani moto utaondoa sumu yake, moto wa jikoni hauiondoi. Na kama utaongeza soya kwenye uji, iwe imechemshwa au kukaangwa kabla ya kusagwa, maana soya mbichi inazuia usagaji wa protini ile ile unayoitafuta.

Tutajuaje kama inatosha? Usingoje nywele zibadilike rangi au miguu ivimbe, hizo ni dalili za mbali sana. Mpime uzito na urefu kila baada ya miezi mitatu. Urefu unaweza kuupima nyumbani: asimame bila viatu, visigino vikigusa ukuta, uweke kitabu juu ya kichwa na alama ya penseli. Wasichana wengi wa miaka 15 wamekaribia kumaliza kurefuka, hivyo alama ikisogea kidogo tu usishtuke. Kinachonishtua mimi ni uzito unaoshuka, au hedhi iliyokuwa inakuja vizuri ikakatika. Hapo mlete. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo anakula kidogo kwa jumla, na mwili ukikosa nishati unachoma protini kama kuni, hata ukimlundikia choroko.

Uchovu na kizunguzungu ni jambo jingine. Kwa msichana wa umri wake kwanza ningeshuku upungufu wa damu. Apimwe damu, usimwongezee karanga ukidhani ni protini. Madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha huingia mwilini vizuri akila na chungwa, embe au limau, na chai huyazuia. Chai aisogeze saa moja mbali na chakula hicho. Kwa hiyo mezani jioni kuwe na limau, chai isubiri.

Limebaki moja ambalo choroko haiwezi kulitatua. Vitamini B12 haipatikani kwenye maharage, karanga wala mboga za majani. Samaki alikuwa anampa. Sasa itoke kwenye maziwa au mayai, kwa hiyo usimlazimishe yai leo, lakini maziwa yawepo siku nyingi za wiki, fresh au mgando. Michembe na maziwa mgando, kama mnavyokula kwa bibi Magu, inafaa sana. Ikiwa siku moja ataacha na maziwa pia, usinyamaze. Njoo tuzungumze kuhusu vidonge au chakula kilichoongezewa B12.

Nimeambatanisha karatasi yenye zile hesabu mbili, ya siku ya zamani na siku mpya. Mpe yeye aijaze kwa wiki moja, aandike alichokula na kikombe alichopimia, na asibadilishe majibu ili kunifurahisha. Mimi nipo kituoni kila Jumatano asubuhi mpaka mwisho wa mafunzo yangu ya vitendo. Akija aje na karatasi hiyo, na kama inawezekana aje na bibi.

Wako mtoto,
Mwanafunzi wa lishe, mwaka wa tatu