Silueti ya mtoa mada na taa zenye ukungu: picha hii ya jalada la semina ni nini hasa?

Tangazo la semina likiingia kwenye simu, mara nyingi hutanguliwa na picha ya aina moja. Umbo la mtu, jeusi ti, limesimama upande mmoja, mkono umeinuliwa kidogo kama wa mtu anayefafanua jambo, na mbele yake maduara ya mwanga wa njano na buluu yanaelea gizani. Huoni uso, huoni viti, huoni hata msikilizaji mmoja. Hata hivyo unajua papo hapo kwamba hapo kuna mtu anasema na wengi wanasikiliza.

Picha hiyo imejengwa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni silueti, yaani umbo linalotambulika kwa mzingo wake tu, ndani yake hamna kitu ila weusi. Neno lenyewe limetoka kwenye jina la Étienne de Silhouette, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759 na akajulikana kwa ubahili wa kubana matumizi. Sura za watu zilizokatwa kwenye karatasi nyeusi, ambazo zilikuwa rahisi kuliko kuchorwa kwa rangi, ndizo zilizobaki na jina lake. Cha pili ni boke, neno la Kijapani la ukungu, ambalo wapiga picha hulitumia kwa namna lenzi inavyolainisha vitu vilivyo nje ya fokasi.

Wengi hudhani zile ni taa za hadhira. Hadhira haina taa. Watu wamekaa gizani, na pengine simu mbili tatu ndizo zinazowaka mikononi. Mwanga unaouona ni wa taa za jukwaa zenyewe, zilizofungwa juu kwenye dari au mwisho wa ukumbi, zikimwelekea mtoa mada usoni. Mpiga picha amesimama nyuma yake, jukwaani au pembeni kwenye pazia, kwa hiyo anaziona taa zile zile zinazommulika msemaji, ila yeye anaona upande wa mgongo ambao haupati mwanga. Silueti inajitokeza yenyewe. Ukitazama vizuri utaona uzi mwembamba wa mwanga kwenye sikio, bega na vidole: ni taa za mbele zikichungulia ukingoni. Uzi huo ukikosekana kabisa, mara nyingi mtu amebandikwa juu ya picha nyingine.

Kamera ikiachwa iamue yenyewe, huharibu. Inaona weusi mwingi, inadhani picha ina giza, inaongeza mwanga, na mgongo wa shati unaanza kuonekana kijivu huku taa zikigeuka madoa meupe yasiyo na rangi. Inabidi upimie mwanga kwenye taa, siyo kwenye mtu, halafu umwache mtu azame. Mgongo ukipata mwanga mdogo mara nane au zaidi kuliko mandhari iliyo mbele yake, utakuwa mweusi wa kutosha. Adui mkubwa wa hesabu hiyo ni skrini ya projekta iliyo nyuma ya msemaji. Niliwahi kupiga picha za mkutano mzima, na kila nilipobofya mgongo wa mzungumzaji ulikuwa unang'aa kama umepakwa chokaa, kwa sababu slaidi zake zote zilikuwa na mandharinyuma meupe. Nilipata picha moja tu nzuri, pale alipofika kwenye slaidi nyeusi yenye maneno mawili.

Sasa yale maduara. Taa iliyo mbali, nje ya fokasi, haichorwi kama nukta. Inachorwa kama duara, na duara hilo lina umbo la tundu la lenzi. Ukubwa wake unaweza kuukadiria kwa hesabu nyepesi. Chukua lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8. Gawanya 85 kwa 1.8, unapata tundu lenye upana wa milimita 47 hivi. Mtoa mada yuko mita 3 kutoka kwenye kamera, naye ndiye aliye kwenye fokasi. Taa ziko mita 15. Kutoka kwake hadi taa ni mita 12, na 12 ukigawanya kwa 15 ni 0.8. Zidisha 47 kwa 0.8: kila taa itaonekana kama sahani ya milimita 38 hivi iliyoshikwa kando ya kichwa chake. Kichwa cha mtu mzima, kidevu hadi utosi, ni kama milimita 230, basi kila duara ni takriban sehemu moja ya sita ya kichwa. Hapo ndipo picha inapata ule mwonekano tuliouzoea.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa simu yenye lenzi ya milimita 6 na f/1.8. Tundu lake halifiki milimita 4, na duara linabaki chini ya milimita 3. Ni nukta tu. Ndiyo maana simu hulazimika kuigiza ukungu kwa programu, nayo hukosea pale pale: nywele zinaliwa, maiki inapotea nusu, nafasi kati ya vidole inabaki kali wakati nyuma yote ina ukungu.

Kuna njia nyingine ya kughushi inayotambulika upesi. Mtu anachukua picha ya ukumbi na kuitia ukungu wa kawaida kwenye programu ya kuhariri. Ukungu huo unachanganya mwanga na giza la jirani, kwa hiyo taa hufifia na kuwa mafifio yasiyo na kingo, kama wino uliolowa. Duara la lenzi halisi lina ukingo unaoonekana na linang'aa karibu sawa katikati na pembeni. Karibu na kona za picha huminywa na kuwa kama mbegu ya mlozi, kwa kuwa mwili wa lenzi unaziba sehemu ya mwanga unaoingia kwa pembeni. Kama maduara yote hadi ya konani ni mviringo kamili, nina shaka.

Kwenye jalada lenyewe, tatizo huwa ni maandishi. Herufi nyeupe husomeka juu ya giza na kupotea juu ya duara la njano, na neno moja linaweza kupita kwenye vyote viwili. Ninavyofanya ni kuweka silueti kwenye theluthi moja ya picha, ikitazama kuelekea sehemu tupu, kisha kwenye sehemu hiyo naweka tabaka jeusi linalofifia taratibu ndipo kichwa cha semina kikae juu yake. Wengine huandika juu ya mwili wa silueti. Kwenye kompyuta inapendeza, ila picha ikipunguzwa hadi ukubwa wa ukucha, herufi zinavunja mzingo na mtu anageuka kuwa boksi.

Siitumii pale ambapo mtoa mada ni mtu ambaye watu wanamfuata yeye mwenyewe. Hapo weka uso wake. Silueti inafaa semina yenye watoa mada wengi, au mfululizo wa kila mwezi ambao msemaji wa mwezi ujao hajajulikana. Kwa webina inachekesha kidogo, maana mzungumzaji atakuwa amekaa chumbani mbele ya kompyuta, na taa pekee inayommulika ni ya skrini.